Nta ya Mshumaa Mezani na Kwenye Kitambaa

Mshumaa mweupe wa dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa parafini, zao la mafuta ya petroli. Parafini haiyeyuki katika maji, na ndiyo maana kitambaa kilichodondokewa hakitakati kwa kufuliwa tu. Huyeyuka kwa joto la nyuzijoto 50 hadi 65 za Selsiasi hivi. Nta hutoka vizuri ikiwa ngumu kabisa au ikiwa imeyeyuka kabisa. Madhara makubwa hutokea katikati ya hali hizo mbili: umeme umekatika, tone likiwa bado vuguvugu, mtu akalifuta gizani kwa haraka, nta husambaa na kupenya ndani. Tone liachwe lipoe, hata umeme ukirudi mapema.

Kwenye meza iliyopakwa vanishi, nta hukaa juu tu. Barafu iliyofungwa katika mfuko wa plastiki ikiwekwa juu ya tone kwa dakika chache, nta hukakamaa na kubanduka kwa ukingo wa kadi ya plastiki iliyolazwa, ikisukumwa kufuata nyuzi za mbao. Kisu hakifai, kwani hukwaruza vanishi, na mkwaruzo hautoki kama inavyotoka nta. Maji ya barafu yafutwe papo hapo. Utando unaobaki huonekana meza ikitazamwa kwa ubavu dhidi ya mwanga. Huondolewa kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha meza ikaushwe. Pasi isiguse vanishi kabisa: joto na unyevu huiachia doa jeupe. Mbao isiyopakwa kitu ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu nta huzama katika vitundu vyake na mara nyingi huacha kivuli cha mafuta.

Kitambaa hutaka hatua zote mbili, kugandisha na kuyeyusha. Tuseme tone la mshumaa mwekundu limeangukia kitambaa cheupe cha meza, cha pamba. Kwanza kiwekwe kwenye friza kwa nusu saa, kisha nta ivunjwe na kukwanguliwa yote inayokubali kutoka, kwa maana kila chembe itakayobaki itayeyuka pamoja na rangi yake. Halafu doa lilazwe kati ya karatasi mbili za kaki, na pasi ya moto mdogo, bila mvuke, ikandamizwe juu kwa sekunde chache. Karatasi hunyonya nta na kuonyesha alama ya mafuta. Ibadilishwe kila mara hadi ibaki kavu. Gazeti huweza kuacha wino kwenye kitambaa cheupe. Poliesta huharibika kwa moto wa kiwango cha pamba, hivyo pasi ipunguzwe zaidi.

Wekundu ukibaki, hiyo ni rangi, wala si nta tena. Spiriti hudonolewa kwa pamba, ikijaribiwa kwanza kwenye pindo, mbali na moto wowote. Kisha kitambaa kifuliwe kwa sabuni, na kisipigwe pasi tena kabla doa halijaisha. Mafuta ya taa huyeyusha parafini, lakini huacha harufu na hushika moto, hasa mishumaa ikiwa bado inawaka nyumbani. Nta iliyokwanguliwa itupwe jalalani. Ikimwagwa kwenye sinki na maji ya moto, huganda ndani ya bomba na kuliziba.