ELIMU MKONONI (Sehemu ya 3): Siku Mfululizo Zihesabiwe Vipi?

Sehemu mbili zilizopita zilihusu namna somo linavyokatwa vipande vinavyotosha kwenye kioo cha simu, na namna marudio yanavyopangwa ili yaliyoanza kusahaulika yarudi kwa wakati. Leo tunaingia kwenye vitu vitatu ambavyo karibu kila programu ya kujifunzia inavyo: hesabu ya siku mfululizo, mstari wa maendeleo na beji. Nitakaa zaidi kwenye ile hesabu, maana ndiyo yenye nguvu kuliko vingine na ndiyo inayopotoka upesi.

Aliyewahi kutumia Duolingo anaijua. Ukimaliza somo, moto mdogo unawaka kando ya namba. Siku ikipita bila somo, na huna kinga yoyote, namba inarudi sifuri. Nguvu yake haitoki kwenye raha ya kuongeza siku moja. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya vile faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Siku ya tatu huna cha kupoteza. Siku ya 200 una mali ya kulinda, na hapo ndipo mtu anapoweza kujikuta anailinda namba huku masomo yenyewe yamebaki nyuma.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua haukutoka shuleni. GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu za kompyuta huweka kazi zao, ilikuwa ikionyesha kwenye ukurasa wa kila mtu amechangia siku ngapi mfululizo. Mwaka 2016 hesabu hiyo iliondolewa bila tangazo la mapema. Watafiti wakalinganisha mwenendo wa watu kabla na baada, na matokeo yao yakachapishwa 2021. Mifululizo mirefu ilikatika na kuwa adimu, kazi za mwisho wa wiki zilipungua, na zile siku ambazo mtu alichangia kitu kimoja tu zikawa chache. Hilo la mwisho ndilo la kulishika. Huenda nyingi kati ya siku hizo zilikuwa za kuokoa namba: mtu anarekebisha mstari mmoja usiku, anafunga kompyuta, kesho tena.

Mwenye programu ya kujifunzia anaweza kuutafuta ugonjwa huohuo kwenye kumbukumbu za seva yake. Kila somo lililomalizika lina saa yake, basi achore idadi ya masomo kwa kila nusu saa ya siku. Akiona mchoro unapanda ghafla kuanzia saa tano na nusu usiku na kuanguka saa sita juu ya alama, aangalie ni masomo gani hayo. Yakiwa mafupi, mepesi, na yale ambayo mtu alishayafaulu zamani, jibu amelipata. Kisha awafuatilie waliokatikiwa na mfululizo mrefu, tuseme wa siku 50 na zaidi. Kama wengi wao hawafungui tena programu kwa wiki mbili zinazofuata, hesabu iliyowekwa ili kuwabakiza watu ndiyo inayowafukuza.

Jambo la ajabu ni kwamba kumbukumbu ya binadamu haidai kila siku. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 inajulikana kuwa marudio yaliyoachanishwa hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Neno ulilolijibu vizuri mara kadhaa linaweza kungoja siku nne, kisha kumi, kisha mwezi. Siku iliyopita bila somo huenda isidhuru chochote, lakini namba inaihukumu kana kwamba kazi yote imefutika.

Tuchukue programu ya kubuni, ya kufundisha Kiingereza, na mwanafunzi wake awe muuguzi wa Mtwara anayefanya kazi kwa zamu. Wiki hii amesoma Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwa hesabu ya kila siku, dada huyu ameanguka mara tatu, na namba kubwa kuliko zote aliyoifikia ni mbili. Sasa tubadilishe kipimo. Siku ya kwanza programu imuulize anataka kusoma siku ngapi kwa wiki, naye achague nne. Kwa kipimo hicho wiki yake imetimia. Kinachohesabiwa sasa ni wiki, na zamu ya usiku ya Jumatano haimgusi. Ikitokea wiki imempita kabisa, kioo kisiandike sifuri. Kiandike “wiki 9 kati ya 10”, ambao ndio ukweli wenyewe, na chini yake idadi ya maneno anayoyakumbuka, ambayo haikubadilika kwa sababu ya zamu.

Inabaki kujua siku inaanza saa ngapi, na hapa ndipo programu nyingi zinapomwonea mtu bila hata kukusudia. Seva ikihesabu kwa saa za Greenwich, siku ya Afrika Mashariki inageuka saa tisa usiku. Muuguzi wetu akisoma saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, kwa saa ya ukutani ni Alhamisi tayari, ila seva inaliandika somo kuwa la Jumatano. Akikosa nafasi tena mchana, jioni anaambiwa Alhamisi hakusoma. Yeye ataapa kwamba alisoma, na ni kweli.

Dawa ya kwanza ni kutumia majira ya mahali alipo. Ya pili ni kukubali kwamba siku ya mtu haiishi saa sita usiku bali anapolala. Anki, programu ya kadi za marudio, isipobadilishwa huanza siku mpya saa kumi alfajiri, na kwa watu wengi mpaka huo unafaa. Mwezi wa Ramadhani haufai hata kidogo: anayeamka saa tisa u nusu kula daku, kisha akafungua simu, anahesabu kwamba ameianza siku, huku programu ikimwekea somo kwenye jana. Kwa hiyo mpaka huo uwe kitu anachoweza kukisogeza mwenyewe. Kila somo lihifadhiwe na saa yake pamoja na majira ya mahali liliposomwa, ili anayehamia Muskati, ambako saa iko mbele yetu kwa saa moja, asije akakuta siku zake za Dar es Salaam zimehesabiwa upya na mbili zimegeuka kuwa moja.

Kuna pia suala la bando. Somo lililosomwa Jumanne bila mtandao na kufika kwenye seva Alhamisi ni la Jumanne, basi. Wasanifu husita hapo kwa kuogopa watu watakaorudisha saa ya simu nyuma ili wajipatie siku za uongo. Mimi nasema waacheni. Kama hakuna zawadi wala mashindano yaliyofungwa kwenye namba ile, anayeidanganya anajidanganya mwenyewe, na kumwadhibu asiye na bando kwa ajili yake ni dhuluma.

Kuhusu kuuza ukarabati wa mfululizo sina maneno mengi. Programu inayofuta namba yako kisha ikakuomba ulipie ili irudi ni fundi anayekutobolea ndoo halafu akakuuzia gundi. Mapumziko yakiwepo yawe ya bure, yajulikane mapema, na yatumike yenyewe bila mtu kuomba.

Arifa nazo zipimwe kwa maneno yake. “Mfululizo wako unakufa leo!” haimwambii mwanafunzi lolote kuhusu Kiingereza. “Maneno 12 ya wiki iliyopita yamefika wakati wa kurudiwa, kama dakika 4” inamwambia kuna kazi gani na itamgharimu nini, naye ataamua. Ije mara moja, saa aliyoichagua mwenyewe, na akiipuuza siku kadhaa inyamaze bila kungoja izimwe.

Mstari wa maendeleo unaonekana mpole, lakini nao una hila zake. Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio lililofanyika mahali pa kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi za kugongwa muhuri. Nusu yao walipata kadi ya nafasi nane, zote tupu. Wengine walipata kadi ya nafasi kumi, mbili zikiwa zimeshagongwa. Wote walibakiwa na safari nane hadi kuoshewa bure. Waliomaliza kadi tupu walikuwa asilimia 19. Wale waliopewa mihuri miwili ya mwanzo, asilimia 34.

Msanifu akisoma hayo atashawishika kuuanzisha mstari wa kila mtu kwenye asilimia 20. Huo ni uongo. Lakini muuguzi wetu akifanya mtihani wa kuingilia na ikaonekana sura nne kati ya ishirini anazijua tayari, mstari unaoanzia hapohapo kwenye asilimia 20 unasema kweli, na msukumo unaotokana nao ni halali yake. Mstari mnyofu una kipimo kinachotajwa waziwazi, “sura 4 kati ya 20”, na hiyo 20 haigeuki kuwa 26 mtu anapokaribia mwisho. Zikiongezwa sura mpya ziwe kozi ya pili yenye mstari wake. Tena ujazwe na majibu ya mtihani wa sura, kwa sababu kufungua ukurasa si kuujua.

Beji nazipitia kwa kifupi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichagua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti kilekile bila kuahidiwa. Kundi la tatu halikupata kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani bila zawadi, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliozawadiwa kwa kushtukiza hawakupungua. Ndiyo maana beji ya “Umeingia siku 7” naiona haina kazi, na safu ya beji za kijivu zinazokungoja ni ahadi ya aina ileile iliyowapoza watoto wale. Beji ya “Unaweza kumweleza mgonjwa dozi yake kwa Kiingereza”, ikija baada ya mtihani bila kutangazwa kabla, inampa muuguzi habari asiyokuwa nayo.

Kujua kama yote haya yanafundisha, gawa wanafunzi wapya kwa bahati nasibu: nusu waone hesabu ya mfululizo, nusu wasiione. Baada ya mwezi wape wote mtihani wa maneno waliyoyasoma, na uwahesabu pia walioacha, la sivyo utakuwa unawapima waliobaki tu. Kundi lenye hesabu likiwa limefungua programu mara nyingi zaidi na kufaulu sawasawa na lile jingine, hesabu imeongeza ufunguaji wa programu, basi. Hapo mazungumzo ya ofisini huwa makali, kwa sababu idadi ya wanaofungua kila siku ndiyo inayopelekwa kwa wawekezaji, na mtihani wa baada ya mwezi hauna mtu wa kuupeleka.

Wiki ijayo: majedwali ya washindi, na kwa nini aliye nafasi ya mwisho huacha kusoma.