Omu nane zinazogeuka mia nane

Spika ya honi inayofungwa juu ya mnara wa msikiti, kwenye paa la kanisa au kwenye nguzo ya uwanja wa shule mara nyingi huwa na transfoma ndogo mgongoni. Ukisoma kibati chake unaweza kukuta "8 Ω" na, pembeni, "1 kΩ, 10 W, 100 V". Koili ya honi ni ileile moja, na kweli ni ya omu nane. Hizo omu elfu moja hazimo ndani ya koili hiyo, wala hazimo kwenye waya wa transfoma. Zipo tu pale unapoitazama honi ukiwa upande wa pili wa transfoma, kule mkondo unakotokea.

Anayeelewa omu hizo zinatoka wapi anaweza kukokotoa mzunguko wowote wenye pande mbili za transfoma kwa hesabu ya darasa la kawaida. Anaweza pia kueleza kwa nini honi ya uwanjani inasikika kwa shida ilhali amplifaya ni nzima.

Tuchukue shule ambayo ofisi yake, iliko amplifaya, ipo mita 200 kutoka nguzo ya uwanjani. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba unakwenda hadi kwenye honi na kurudi, kwa hiyo mkondo unapita mita 400 za shaba. Ukinzani wake ni kama omu 7. Honi ni ya omu 8, na inatakiwa ipate kama wati 12.5, nguvu ambayo volti 10 zingeipa kama ingekuwa imefungwa mlangoni mwa ofisi.

Ukiiunganisha moja kwa moja bila transfoma, omu 7 za waya na omu 8 za honi zinakuwa 15. Volti 10 ukizigawa kwa 15 unapata ampia 0.67. Nguvu inayofika kwenye honi ni mraba wa mkondo mara omu 8, yaani wati 3.6 hivi. Wati nyingine 3.1 zinapotea njiani zikipasha joto waya. Waya umekula karibu sawa na honi, na wanafunzi walio mwisho wa uwanja wanasikia sauti bila kushika maneno.

Ndipo inapoingia transfoma. Mafundi na walimu wa umeme huanza na ile wanayoiita transfoma kamilifu: isiyopoteza nguvu hata kidogo, isiyovujisha sumaku, na isiyohitaji mkondo wowote wa kuuamsha uchuma wake. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza, lakini kwa sauti ya kati transfoma nzuri huikaribia kiasi cha hesabu zake kuaminika.

Tuseme upande wa kwanza, ule unaopokea kutoka kwenye amplifaya, una mizingo ya waya mara kumi ya ile ya upande wa pili unaolisha honi. Sheria ni mbili tu. Volti za upande wa pili ni sehemu ya kumi ya volti za upande wa kwanza. Mkondo unafanya kinyume: upande wa pili ni mara kumi ya upande wa kwanza. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu nguvu inayoingia ndiyo inayotoka, na nguvu ni volti mara mkondo.

Sasa simama upande wa kwanza na uulize swali lilelile ambalo amplifaya inauliza: kwa volti hizi ninazotoa, mkondo kiasi gani unachukuliwa? Volti huku ni kubwa mara kumi kuliko zile zilizoko kwenye honi, na mkondo huku ni mdogo mara kumi. Ukigawa volti kwa mkondo, zile kumi mbili zinazidishana na kuwa mia. Omu 8 zinaonekana kuwa omu 800. Kwa maandishi ya hesabu, n ikiwa ni uwiano wa mizingo:

```
Z1 = n² × Z2 = 10² × 8 = 800 Ω
```

Hii ndiyo impidansi inayoakisiwa. Amplifaya haijui kama kuna transfoma. Inachoona ni kitu cha omu 800 mwisho wa waya. Ile honi yenye kibati cha omu elfu moja ina uwiano wa kama 11.2, kwa maana 11.2 mara 11.2 ni karibu 125, na 125 mara 8 ni 1,000.

Mzunguko uliokuwa na vipande viwili visivyogusana sasa umekuwa kipande kimoja. Iondoe transfoma kwenye mchoro, weka omu 800 mahali pake, na uendelee kama kawaida. Amplifaya ya mfumo huu inatoa volti 100. Waya ni omu 7 zilezile. Jumla ni omu 807, na mkondo ni 100 gawa kwa 807, yaani ampia 0.124. Volti zinazopotea kwenye waya hazifiki hata moja, hivyo transfoma inapata kama volti 99.1.

Hapo kazi haijaisha, na ndipo wanafunzi wengi wanapoweka kalamu chini mapema. Ampia 0.124 ni za waya. Za honi bado hazijulikani. Rudisha transfoma kwenye mchoro na uvuke kwa zile sheria mbili: volti 99.1 zinakuwa 9.91, mkondo unakuwa ampia 1.24. Honi inapata wati 12.3. Waya umekula wati 0.11 tu. Jumlisha, linganisha na volti 100 mara ampia 0.124 zilizotoka kwenye amplifaya, na utaona zinaoana kwa wati 12.4. Ulinganisho huo unastahili kufanywa kila mara. Usipooana, basi kuna mahali mtu amezidisha kwa 10 badala ya 100, au kinyume chake.

Njia ya kurudi nayo ipo. Mtu anayetaka kujua habari za honi peke yake anaweza kuhamisha kila kitu kije upande wa pili. Volti 100 zinagawanywa kwa 10 na kuwa 10. Waya unagawanywa kwa 100: omu 7 zinakuwa 0.07. Mkondo wa honi ni 10 gawa kwa 8.07, yaani ampia 1.24, jibu lilelile kwa hatua moja. Kwa macho ya honi, mita 400 za shaba zimepungua hadi mita nne.

Kutokana na hapo kosa moja la ufungaji linaonekana wazi. Fundi ananunua transfoma sahihi, ya uwiano sahihi, lakini anaifunga ofisini kando ya amplifaya kwa sababu kule hakuna mvua wala kupanda ngazi. Waya mrefu sasa uko upande wa pili, pamoja na honi. Omu 7 na 8 zinajumlishwa kwanza kuwa 15, kisha zinaakisiwa pamoja kuwa 1,500. Amplifaya inatoa ampia 0.067, ambazo upande wa pili ni 0.67, na honi inapata wati 3.6, sawasawa kabisa na siku haikuwa na transfoma. Kifaa kizima, fedha imetumika, faida hakuna. Kinachotakiwa kuakisiwa ni honi peke yake, kwa hiyo transfoma hukaa nguzoni.

Kuongeza honi nako kunafuata hesabu ileile. Honi nne za omu 800 zilizofungwa sambamba zinaonekana kuwa omu 200, na kwa volti 100 zinachukua wati 50. Amplifaya ya wati 60 inazibeba bila taabu. Ya tano inashusha impidansi hadi omu 160 na kudai wati 62.5, na hapo amplifaya imezidiwa, hata kama siku ya kwanza haitalalamika. Waya wa sauti pia una upande: ukigeuza nyaya mbili za honi moja, impidansi inayoakisiwa haibadiliki hata chembe, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Lakini honi mbili zilizo jirani na zinazotazama upande mmoja zitakuwa zinavutana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nzito itafifia.

Hatari zaidi ni kuigeuza transfoma yenyewe, waya wa amplifaya ukaingia kwenye mizingo michache na honi ikafungwa kwenye mizingo mingi. Omu 8 sasa zinagawanywa kwa 100 na kuonekana 0.08. Mbele ya amplifaya hilo halina tofauti na nyaya mbili kugusana, na kinachoizuia isiungue papo hapo ni omu 7 za waya mrefu pamoja na kinga yake ya ndani, kama inayo.

Mtu atasema atapima kabla ya kuunganisha. Vema, ila si kwa mita ya kawaida. Mita hiyo hupima omu kwa mkondo mnyoofu wa betri, na mkondo mnyoofu hauvuki transfoma, kwa sababu sumaku isiyobadilika haizalishi umeme upande wa pili. Mita itasoma ukinzani wa waya uliozungushwa tu, namba ndogo mno kuliko 800, na fundi anaweza kudhani transfoma imeungua ilhali ni nzima. Kipimo kinachofaa ni mita ya impidansi, inayopeleka mawimbi ya sauti, kwa kawaida ya hezi 1,000, na kusoma kile ambacho amplifaya itakiona.

Ukamilifu wa transfoma unaishia kwenye sauti nzito. Kadiri mawimbi yanavyokuwa ya polepole, ndivyo uchuma unavyolazimika kubeba sumaku nyingi zaidi kwa volti zilezile, mpaka unashiba. Ukishashiba, omu 800 hazipo tena. Mkondo unapanda ghafla, sauti inakwaruza na amplifaya inapata joto. Dawa yake ni kapasita inayofungwa mfululizo na upande wa kwanza ili izuie sauti nzito zisifike. Kwa omu 800, kapasita ya mikrofaradi 1 huanza kuzipunguza chini ya hezi 200, ambazo honi yenyewe haizitoi vizuri hata hivyo. Kwa kazi hiyohiyo upande wa honi, ingehitajika ya mikrofaradi 100, kwa sababu ile mia inafanya kazi hapa pia. Tena ingekuwa mahali pasipofaa, kwa kuwa isingeizuia transfoma kushiba. Kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na upande wa chanya na hasi, ya kuhimili volti 250, inaenea ndani ya kile kiboksi cha mgongoni.