Barua ya Kusahihisha Tarehe ya Ibada

Barua ya katibu wa kamati ya kanisa kwa mbunifu wa kujitolea hufungua kwa "Bwana Yesu asifiwe" na shukrani, kisha huingia moja kwa moja kwenye kosa. Tuseme picha ya ratiba imeandikwa "Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2026". Tarehe hiyo ni ya Ijumaa Kuu ya 2025. Mwaka 2026 ni Jumamosi. Siku isipolingana na tarehe, mara nyingi faili la mwaka uliopita limebadilishwa mwaka tu.

Katibu hunakili maneno yenye kosa, kisha huandika sahihi kwa ukamilifu: "Ijumaa Kuu, 3 Aprili 2026". Kusema tu "rekebisha tarehe" hakutoshi, maana mbunifu atalazimika kubahatisha. Aeleze pia kama tarehe imerudiwa chini ya picha, na kwamba saa na wahudumu wabaki vilevile.

Picha ya kwanza ikishasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp, kuifuta huenda kusiondoe nakala zote zilizokwisha kuhifadhiwa simuni. Kwa hiyo barua iombe picha mpya iandikwe juu, kwa herufi kubwa: "TAREHE IMESAHIHISHWA".