Kabla ya Kutuma Barua ya Kifaransa

Barua rasmi ya Kifaransa ipitie mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja tu. Tuseme unamwandikia mkurugenzi mwanamke kuomba kazi.

Anza na salamu: «Madame la Directrice,». Huishia kwa mkato, na aya inayofuata huanza kwa herufi kubwa. Papo hapo shuka hadi chini, kwani wito huohuo hurudi kwenye sentensi ya kuagia: «Je vous prie d'agréer, Madame la Directrice, mes salutations distinguées.» Aliyenakili barua ya zamani hunaswa hapa: juu kaandika «Madame», chini kumebaki «Monsieur».

Mara ya pili, simama kwenye kila kitenzi kinachosaidiwa na «avoir». Katika «J'ai envoyé les attestations», kitenzi hakibadiliki, kwa sababu vyeti vimetajwa baadaye. Lakini vikitangulia, kitenzi huvifuata kwa jinsia na wingi: «les attestations que j'ai envoyées». Matamshi ni yaleyale, kwa hiyo sikio halitakuokoa. Kagua kwa macho.

Mwisho, fuata alama peke yake. Kwa desturi ya Ufaransa, nukta pacha, nukta mkato, alama ya kuuliza na ya mshangao hutanguliwa na nafasi. Tumia nafasi isiyokatika, ili alama isiangukie mstari wa chini peke yake. Mkato na nukta hugusana na neno. Ukiandikia Kebeki, nafasi hubaki kabla ya nukta pacha tu.