Manukuu ya Mhadhara na Muda wa Kuyasoma

Manukuu ya mhadhara uliorekodiwa hukaa katika faili dogo la maandishi, mara nyingi lenye kiishio cha .srt. Kila nukuu ina namba yake, muda wa kutokea na wa kutoweka, kisha maneno yenyewe. Mstari mtupu huitenga na inayofuata.

Kazi huanza kwa kusikiliza na kuandika. Vigugumizi na maneno yaliyorudiwa huachwa, lakini istilahi na tarakimu hazipunguzwi hata kidogo, maana mwanafunzi anazitegemea. Maneno hayo hugawanywa katika nukuu za mistari isiyozidi miwili, kila mstari usipite herufi 42 hivi. Mstari ukatwe penye mkato au kabla ya kiunganishi. Neno kama "vya" likiachwa linaning'inia mwishoni, msomaji hulazimika kurudi nyuma kutafuta lilikotoka.

Kinachosumbua zaidi ni muda. Kipimo kinachotumiwa sana kwa watu wazima ni herufi 15 hadi 17 kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa. Tuseme mhadhiri wa biolojia anaeleza ukame, na sentensi yake ya kwanza yenye herufi 49 anaitamka kwa sekunde 2.6. Hizo ni karibu herufi 19 kwa sekunde, jicho halitawahi. Mchoro wa sauti kwenye programu kama Subtitle Edit unaonyesha kwamba baada ya hapo alinyamaza kidogo. Basi nukuu inaongezewa muda ndani ya kimya hicho:

```
57
00:04:12,300 --> 00:04:15,600
Mmea ukikosa maji,
vitundu vya majani vinajifunga,

58
00:04:15,800 --> 00:04:18,000
na hewa ya ukaa haiingii tena.
```

Sasa ina sekunde 3.3, yaani herufi 15 kwa sekunde. Kama asingenyamaza, dawa ingekuwa kufupisha: "Mmea ukikosa maji, vitundu hujifunga," herufi 37, na maana imebaki. Kufupisha kwa namna hii ni bora kuliko kuandika kila neno lisilosomeka. Hata nukuu fupi kabisa ipewe walau sekunde moja, na ndefu isizidi saba, kwani ikikawia msomaji huanza kuisoma upya.

Mwishoni hukaguliwa sentensi ya kwanza na ya mwisho ya mhadhara. Manukuu yakichelewa kwa kiasi kilekile kote, huenda mwanzo wa video ulikatwa, na yote husogezwa kwa pamoja. Yakizidi kuchelewa kadiri video inavyoendelea, kasi ya picha hailingani na ile iliyotumika kupangia muda. Kusogeza hakutasaidia, mpaka muda wote unyooshwe upya kwa uwiano.

Faili lihifadhiwe kwa UTF-8 na lipewe jina la video, kama mhadhara.mp4 na mhadhara.srt. Yakiwa katika folda moja, VLC huyaonyesha manukuu yenyewe bila kuelekezwa.