Alhamisi Huanza Jumanne Jioni

Ratiba ya vipindi huandikwa kwa ajili ya mwalimu. Inamwambia aingie darasa gani, saa ngapi, afundishe somo gani. Mzazi anayeinakili na kuibandika ukutani, akiamini kwamba sasa mtoto hatasahau kitu, anampa mtoto karatasi isiyojibu swali lake. Palipoandikwa "Hisabati", mtoto anatakiwa aelewe daftari la darasani, daftari la kazi za nyumbani, kitabu na rula. Palipoandikwa "Michezo", anatakiwa aelewe tisheti, bukta, soksi na raba, tena ziwe safi na kavu. Hayo yote hayamo kwenye ratiba, na hapo ndipo anapofika darasani mikono mitupu.

Tuchukue mtoto wa darasa la nne katika shule ya kutwa Dar es Salaam. Wa darasa la kwanza na la pili bado kazi yake kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Madaftari yake ni machache na anaweza kuyabeba yote kila siku bila shida. Kuanzia darasa la tatu masomo huongezeka, kila mwalimu anataka daftari lake, na baadhi wanataka mawili. Mtoto mwenyewe hujitafutia dawa: anabeba kila kitu, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wiki chache inafanya kazi. Kisha begi linakuwa zito, zipu inakatika, na siku analohitaji daftari la Sayansi hulikosa kwa sababu lilitolewa juzi kupisha chupa ya maji.

Uzito wenyewe si jambo dogo. Mwaka 2020 serikali ya India ilitoa mwongozo kwamba begi la shule lisizidi asilimia 10 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 28, hiyo ni kilo mbili na gramu 800, na lita moja ya maji peke yake imekwisha kula kilo nzima. Ukitaka kujua hali ya mwanao, pitia dukani kwa mangi jioni moja, uombe begi liwekwe kwenye mizani.

Kazi ya kwanza, basi, ni kugeuza masomo kuwa vitu. Fanyeni hivyo Jumapili mchana, mtoto na madaftari yake yote wakiwa mkekani. Kila siku ya wiki inapata kadi yake. Boksi la viatu likikatwa linatosha. Mtoto ndiye asome ratiba na ndiye ataje vitu, mzazi aandike, kwa sababu mtoto ndiye ajuaye kwamba mwalimu wa English anataka daftari la msamiati tofauti na lile la mazoezi. Tuseme Alhamisi yake ina Hisabati vipindi viwili, Kiswahili, Sayansi, English, na michezo alasiri. Kadi yake itasomeka hivi: Hisabati darasani, Hisabati nyumbani, kitabu cha Hisabati, rula, daftari la Kiswahili, daftari la Sayansi, English mazoezi, English msamiati, mfuko wa michezo. Vitu vinane na mfuko mmoja. Vipindi viwili vya Hisabati havikuongeza kitu, na kipindi kimoja cha English kimedai madaftari mawili.

Kalamu, penseli, ufutio na kichongeo visiandikwe kwenye kadi hizo. Vikae ndani ya mkebe, na mkebe usitoke mfuko wa mbele wa begi isipokuwa wakati wa kazi ya nyumbani. Nimeona orodha zinazoanza na "kalamu, penseli, ufutio" kila siku, na mtoto akishazisoma mara tatu macho yake hujifunza kuruka juu ya mistari yote, pamoja na ule mmoja uliobadilika. Kadi ya siku ibebe yale tu yanayoifanya siku hiyo iwe tofauti na nyingine.

Halafu kuna suala la kaki. Shule nyingi hutaka madaftari yafunikwe kwa karatasi ya kaki, na wazazi wengi huongeza nailoni juu yake. Yanapendeza, yanadumu, na yote yanafanana. Jina la somo limeandikwa juu ya jalada, lakini yakipangwa kwa mrundo jalada halionekani. Kinachoonekana ni mgongo. Bandikeni kipande cha karatasi ya rangi kwenye mgongo wa kila daftari, rangi moja kwa somo moja, na kwenye kadi wekeni alama ya rangi hiyohiyo kando ya jina. Mtoto atachomoa madaftari mawili mekundu ya Hisabati bila kubomoa mrundo mzima, hata umeme ukiwa umekatika na anatumia tochi ya simu.

Mpaka hapa orodha inasaidia vitu vilivyopo nyumbani. Lakini vingi vinavyokosekana asubuhi havikusahauliwa usiku wa jana; havikuwepo ndani ya nyumba, au vilikuwepo lakini havifai kuvaliwa. Viwili ndivyo vinavyosumbua zaidi.

Cha kwanza ni daftari lililokusanywa. Mwalimu wa Sayansi anakusanya madaftari Jumatatu asahihishe, anayarudisha Jumatano au Alhamisi. Jumanne usiku mtoto anatafuta daftari uvunguni, mama anafoka, dada wa kazi anashutumiwa kwamba amelifagia, kumbe lipo ofisini kwa walimu. Dawa yake ni kibanio cha nguo. Andikeni majina ya vitu karibu na ukingo wa kadi. Mtoto akirudi shule na daftari halimo, anabana kibanio mbele ya jina lake, maana yake "lipo kwa mwalimu". Likirudi, kibanio kinatoka. Akikuta kibanio wakati wa kupanga, hatafuti. Na kibanio kikikaa wiki nzima, mzazi anajua kuna la kuulizia: ama mwalimu amechelewa kusahihisha, ama daftari limepotea na mtoto anaogopa kusema.

Cha pili ni nguo za michezo. Mtoto wetu ana michezo Jumanne na Alhamisi, na tisheti ya michezo ni moja. Jumanne saa kumi na nusu anarudi imejaa vumbi na jasho. Ikifuliwa jioni ile ile, ina usiku mmoja na Jumatano nzima ya kukauka. Ikiachwa ndani ya mfuko hadi Jumatano jioni, Alhamisi asubuhi bado mbichi, na wakati wa masika hata siku nzima kambani haitoshi, hasa soksi na raba za kitambaa. Kuandika "nguo za michezo" kwenye kadi ya Alhamisi ni kuchelewa. Neno hilo liandikwe kwenye kadi ya Jumanne, upande wa chini, chini ya mstari: "Fua tisheti, bukta, soksi." Na kwenye kadi ya Jumatano: "Anua, weka kwenye mfuko wa michezo." Alhamisi kunabaki kazi moja tu, kuchukua mfuko. Sehemu hiyo ya chini ya mstari ndiyo itumike pia kwa kila kitu kinachohitaji maandalizi: fagio la zamu ya usafi Ijumaa, gundi na maboksi ya kipindi cha sanaa, hela ya mtihani wa majaribio inayotakiwa kuombwa kwa baba kabla hajatoka.

Saa ya kupanga begi ni baada ya kazi ya nyumbani, kabla ya kulala. Wengi hupanga mara tu baada ya chakula, kisha mtoto anakumbuka zoezi la Hisabati, anatoa daftari na mkebe, anamaliza saa tatu akiwa na usingizi, na vyote viwili vinalala mezani. Begi likishafungwa, lisifunguliwe tena hadi darasani. Maji na chakula cha mapumziko, ambavyo haviwezi kulala ndani, vibaki kuwa kazi pekee ya asubuhi.

Kabla ya kupanga, begi limwagwe lote. Mtoto atapenda njia ya mkato: atoe ya leo yasiyohitajika kesho, aongeze yanayokosekana. Njia hiyo huacha makosa ya jana ndani ya begi, na ndiyo inayofanya daftari la mwaka jana lisafiri kwenda na kurudi hadi Machi. Begi tupu halina la kuficha, na ganda la ndizi la juzi nalo hugundulika.

Wafanyakazi wa reli nchini Japani wana utaratibu uitwao shisa kanko: dereva hunyooshea kidole ishara iliyo mbele yake na kuitaja kwa sauti kabla ya kuendelea. Ukiwaona unaweza kucheka, lakini ukweli ni kwamba mkono na sauti havitembei bila jicho. Mtoto afanye vivyo hivyo: aguse kitu ndani ya begi na akitaje, "Sayansi, ipo." Kupiga tiki kwa kalamu hakusaidii sana, maana tiki hupigwa kwa mfululizo, kitu hakijatazamwa. Mzazi naye aache kuuliza, "Umeweka vyote?" Jibu lake linajulikana. Amwambie, "Mwanangu, hebu nioneshe la msamiati," achague kitu kimoja tu, kila siku tofauti.

Na bado atasahau. Wiki mbili za kwanza, kila kilichokosekana kiulizwe swali moja kabla ya ugomvi: kilikuwa kwenye kadi? Kama hakikuwemo, kadi ndiyo yenye kosa. Ongezeni, wala mtoto asilaumiwe. Kama kilikuwemo na kilikuwepo nyumbani lakini hakikuingia begini, tazameni saa ya kupanga, maana mara nyingi mtoto alipanga akisinzia, au kadi iko sebuleni na madaftari yako chumbani. Kadi zikae ukutani palepale madaftari yanapokaa. Zisikae kwenye simu ya mama, kwa kuwa simu hiyo huenda kazini. Na kama kilikuwa kwenye kadi lakini hakikuwepo nyumbani, tatizo liko chini ya mstari: kuna kitu kilichotakiwa kuanza siku moja au mbili nyuma.

Ratiba nayo haitulii. Mwanzo wa muhula shule nyingi hutumia ratiba ya muda, na ya kweli hutoka baadaye. Walimu wakibadilishana vipindi, mara nyingi darasa huambiwa kwa mdomo tu. Kwa hiyo wiki za mwanzo tumieni penseli kwenye kadi, na wino usubiri. Msiikopi kutoka daftari la mtoto kama mnaweza kupata picha ya ile iliyobandikwa darasani, iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mtoto wa darasa la nne akinakili ubaoni huruka safu moja, na Jumatano yake yote inageuka kuwa Alhamisi. Wiki ya mitihani kadi zote tano hubanduliwa na kuwekwa moja tu: mkebe, rula, penseli mbili zilizochongwa, na jina la somo la kesho.