Usiulize Kama ni Halali, Uliza Kimepikwaje

Kisiwa cha Chale kiko kusini mwa Diani, karibu kabisa na ufuo wa Kwale. Maji yakijaa mgeni huvushwa kwa boti, yakipwa hupandishwa trekta. Kwa anayechunga anachokula, safari hiyo fupi ina uzito wake, kwa sababu akishavuka hana kibanda cha jirani cha kukimbilia usiku. Atakula kinachotoka katika jiko la hoteli, na huenda jiko hilo hilo asubuhi hukaanga bekoni ya Wazungu na jioni huchoma samaki wake. Ndiyo maana maswali ya chakula huulizwa kwa simu siku ya kuweka chumba, si mezani njaa ikiwa imeshauma.

Mwislamu anayetoka Tanga au Maskati, akisikia adhana za Kwale na kuona wahudumu wengi ni Wadigo, hutulia moyo. Huuliza swali moja tu, "Chakula chenu halali?", naye hujibiwa, "Halali, hapa ni Pwani." Mhudumu hakusema uongo. Katika machinjio mengi ya Kenya wachinjaji huwa Waislamu, ili nyama iuzike kwa kila mteja, basi mbuzi na ng'ombe wa buchani kwa kawaida hawana shaka. Ila jibu lake limeishia kwenye kisu cha mchinjaji. Halikugusa divai iliyotiwa kwenye sosi, wala kikaango, wala koleo la kugeuzia nyama. Hata cheti cha halali kilichotundikwa ukutani, kama kinachotolewa na Kenya Bureau of Halal Certification, kinapaswa kusomwa: je, kimepewa jiko hili au kampuni inayoliletea nyama, na muda wake umekwisha au bado?

Chukua mfano wa menyu ya usiku yenye pweza wa nazi, kamba wa kuchoma, kambakoche wa "thermidor", changu mzima na kitindamlo cha "panna cotta". Mezani wamekaa watu watatu: Mwislamu wa Tanga anayefuata madhehebu ya Shafii, Mwislamu wa Kampala anayefuata Hanafi, na Myahudi anayeshika kosha.

Wa Tanga ana nafasi kubwa kuliko wenzake, kwani kwa Mashafii karibu kila kiumbe cha baharini huliwa. Pweza na kamba kwake si tatizo. Tatizo ni kambakoche, kwa sababu mapishi ya "thermidor" kwa desturi hutiwa divai au brandi. Wapo wanaosema kileo huisha motoni, lakini majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha vingine: chakula kilichomiminiwa kileo na kuwashwa moto hubaki na takribani asilimia 75 ya kileo hicho, na kilichochemka dakika 15 hubaki na asilimia 40. Kwa hiyo neno "flambé" kwenye menyu linatosha kumfanya aruke mstari. Kitindamlo nacho hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe au mifupa na ngozi za ng'ombe. Hapo inabidi amwombe mpishi pakiti aisome.

Wa Kampala atamwacha pweza, maana Mahanafi katika viumbe vya baharini hula samaki tu. Kuhusu kamba, wanazuoni wao wenyewe wamehitilafiana kama ni samaki au la, kwa hiyo atafuata mwalimu wake. Mhudumu wa Kidigo, ambaye kwao pweza ni kitoweo cha kila siku, hawezi kuwaza kwamba Mwislamu mwenziwe anamkataa. Neno "halali" peke yake lingewapa watu hawa wawili jibu moja, hali mahitaji yao ni mawili.

Myahudi anatafuta samaki mwenye mapezi na magamba. Pweza, ngisi, kaa, kamba, kambakoche, papa na taa wote wametoka. Anabakiwa na changu, naye humtaka mzima au akiwa na ngozi yake, kwa kuwa minofu iliyochunwa haionyeshi ilikuwa na magamba au la. Nyama ya halali haimfai: sheria yake inataka mchinjaji Myahudi aliyefunzwa, mapafu yakaguliwe, kisha nyama itiwe chumvi itoe damu. Vyombo vya hoteli navyo havimfai kwa kuwa vimepikiwa vingine. Njia inayotumiwa na wasafiri wengi wa kosha ni hii: samaki hupaliwa kwa kisu cha mgeni mwenyewe au kisu kipya, hutiwa chumvi, ndimu na mafuta ya mboga, hufungwa kwa karatasi ya alumini mara mbili pasipo tundu, kisha huokwa. Mgeni anaweza pia kuomba awashe tanuri yeye mwenyewe, kwa sababu ya kanuni ya kwao kuhusu chakula kilichopikwa na asiye Myahudi. Mpishi asione ametukanwa.

Tukiacha menyu, mahali panapoharibika zaidi ni meza ya asubuhi. Mpishi wa mayai ana kikaango kimoja au viwili, na mgeni aliyetangulia ameagiza kimanda chenye bekoni. Soseji za ng'ombe na za nguruwe zimepangwa jirani, koleo ni moja. Kwa Shafii jambo hili si dogo, maana chombo kilichoguswa na nguruwe kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Simama dakika mbili uangalie kabla ya kuagiza. Kisha sema, "Kaka, naomba unikaangie kwa kikaango kingine, kwa mafuta ya alizeti." Ombi la namna hiyo mpishi hulitekeleza mara moja, kwa sababu limemwambia la kufanya.

Kwenye pakiti, maneno "lard" na "pork fat" hayasumbui. Kanuni za Codex za lebo za vyakula zinataka mafuta ya nguruwe yatajwe kwa jina lake. Yanayosumbua ni yale yasiyotaja asili. "Gelatine" bila jina la mnyama ni shaka. E471 ni mafuta yaliyobadilishwa ili kuchanganya viungo, nayo hutoka kwenye mimea au wanyama, na namba haisemi ni ipi. Ukiona imeandikwa kuwa bidhaa ni ya mboga tupu, shaka ya mnyama imeondoka, ila bado tazama kileo. E120 ni rangi nyekundu ya mdudu: kosha huikataa, na Waislamu wengi pia.

Pakiti inayowapita wengi ni ya unga wa tui. Nyingi hutiwa "sodium caseinate", protini ya maziwa ya ng'ombe. Mwislamu haimhusu, lakini Myahudi asiyechanganya nyama na maziwa angeipikia kuku akidhani ni nazi tupu. Tui la kukunwa na kukamuliwa jikoni halina shida hiyo, na Kwale nazi si adimu.

Kwa hiyo swali la kumpa mhudumu ni la vitendo: sosi ina nini, kikaango kimepika nini kabla, mafuta yametoka chupa gani. Akijibu haraka mno, mwombe kwa upole aende kumuuliza mpishi. Akirudi na "sijui", hilo nalo ni jibu: agiza changu mzima kwenye alumini na embe lisilomenywa.